Ukuta Mrefu Uliuawa na Urefu Wake

Ukitaka kumkera mtu anayependa historia ya vita, mwambie hivi: "Baruti ilikuja, ngome zikaisha." Nimeisikia sentensi hiyo kwenye semina, nimeisikia kantini, na nina hakika kuna karatasi za mitihani ambazo imeandikwa humo na ikapewa alama. Inavutia kwa sababu ni fupi. Lakini hebu jiulize jambo dogo tu: Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Kwa wakati huo mizinga mizito ilikuwa imeshavunja kuta za Ulaya kwa zaidi ya miaka mia moja. Kama ngome zilikuwa zimeisha, wale jamaa walikuwa wanajenga nini?

Hoja yangu ni kwamba baruti haikuua ngome, iliua urefu. Ngome yenyewe ilibaki, ila ilibidi ilale chini, inenepe na ibadilishe umbo. Na kilichoamua nani angebaki huru baada ya hapo ni nani aliyeweza kulipa gharama ya umbo hilo jipya, kuliko nani aliyekuwa na mizinga.

Tuanze na kwa nini kuta zilikuwa ndefu. Katika Ulaya ya zama za kati adui alikuwa na njia chache za kuingia ngomeni: kupanda kwa ngazi, kusogeza mnara wa mbao wenye magurudumu, kuchimba chini ya ukuta, au kukaa nje mpaka waliomo ndani wafe njaa. Dhidi ya zile njia mbili za kwanza, urefu ni dawa. Ngazi ya mita kumi na mbili ni nzito, inayumba, na aliye juu anaweza kuisukuma au kudondosha jiwe, na jiwe lililodondoka kutoka juu linafanya kazi bila mtu kutumia nguvu. Kwa hiyo mjenzi mwenye mawe ya kiasi fulani alikuwa na chaguo la wazi, ayapange kwenda juu badala ya kuyapanga kwenda kwenye unene. Ukuta mrefu na mwembamba ulikuwa uamuzi wa akili kabisa.

Mizinga ya mwanzo haikubadilisha sana hesabu hiyo. Mfano unaotajwa kila siku ni Konstantinopoli mwaka 1453, ambapo Sultani Mehmed wa Pili alileta mzinga mkubwa uliosubiwa na fundi wa Kihangari aitwaye Orban. Ulirusha tufe la jiwe la zaidi ya kilo mia tano. Ukisoma haraka utadhani lilipigwa mara moja na mji ukaanguka. Sivyo. Mji ulizingirwa kuanzia mapema Aprili hadi tarehe 29 Mei, na ule mzinga mkubwa uliweza kupiga mara chache tu kwa siku, maana ulipata moto na kuupakia upya ilikuwa kazi ya masaa. Usiku watetezi walitoka wakaziba mapengo kwa udongo, magogo na mapipa yaliyojazwa mchanga. Na hapa kuna jambo ambalo wengi wanalipita: yale maboma ya haraka haraka ya udongo yalistahimili matufe vizuri kuliko ukuta wa mawe uliokuwa umesimama miaka elfu moja. Tufe lilipopiga jiwe, jiwe lilipasuka. Lilipopiga udongo, lilizama. Walikuwa wameligusa jibu la tatizo, ila hawakuwa na muda wa kujua kwamba ni jibu.

Mabadiliko yenyewe yaliletwa na tufe dogo. Hii ni sehemu ninayoipenda, kwa hiyo nivumilie tufanye hesabu kidogo, haizidi kidato cha pili. Chuma cha kusubu ni kizito karibu mara tatu kuliko jiwe la ukubwa uleule. Chukua tufe la chuma lenye kipenyo cha sentimita 15: lina uzito wa kilo 12 na ushei. Ukitaka tufe la jiwe lenye uzito huo huo, utahitaji kipenyo cha kama sentimita 21. Sasa fikiria bomba linalotakiwa kulirusha. Bomba la sentimita 21 lazima liwe pana, na likiwa pana linahitaji shaba nyeusi nyingi zaidi ili lisipasuke. La sentimita 15 linaweza kuwa jembamba kwa nje na nene kwa uwiano, likabeba baruti nyingi zaidi na kurusha tufe kwa kasi zaidi. Tena jiwe likigonga ukuta mara nyingi linavunjika lenyewe, na nguvu inapotea kwenye vipande. Chuma hakivunjiki kirahisi hivyo, nguvu yote inaingia ukutani.

Matokeo yake ni mzinga unaoweza kuvutwa na farasi. Orban alihitaji kundi zima la ng'ombe na mamia ya watu kuusogeza mzinga wake, na ukishafika ulilazwa kwenye kitanda cha magogo na kubaki hapo. Mizinga ya Wafaransa mwishoni mwa karne ya 15 ilikuwa na vigingi viwili vilivyosubiwa ubavuni, vikakaa juu ya gari la magurudumu mawili. Ungeweza kuinua au kushusha mdomo wake kwa muda mfupi, ukapiga palepale ulipopiga mwanzo.

Hilo la kupiga palepale ndilo muhimu. Mwaka 1494 Mfalme Charles wa Nane wa Ufaransa alivuka milima ya Alpi kuingia Italia na mizinga ya namna hiyo, akielekea Napoli. Ngome ya Monte San Giovanni, ambayo Waitaliano walisimulia kwamba iliwahi kustahimili mazingira ya miaka saba, ilianguka ndani ya masaa machache mwezi Februari 1495. Waandishi wa Italia wa wakati ule waliandika kama watu waliopigwa kofi.

Kwani ilianguka vipi? Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu jibu la kawaida, kwamba mzinga ulikuwa na nguvu, halielezi chochote. Mpiga mizinga mzoefu hakupiga ukuta ovyo ovyo. Alipiga chini, karibu na kitako, tufe baada ya tufe kwa mstari wa kulala, kama mtu anayekata mti kwa shoka. Kisha alipiga mistari miwili ya kusimama, mmoja kila upande. Baada ya hapo uzito wa ukuta wenyewe ulimalizia kazi. Sehemu yote ya juu ilikosa pa kukanyaga, ikamiminika kwa mbele.

Na ilimiminika wapi? Kwenye handaki lililochimbwa kumzuia adui. Kifusi kilijaza handaki, kikatengeneza mteremko, na askari wakapanda kwa miguu bila ngazi. Unaona mtego? Kadiri ukuta ulivyokuwa mrefu, ndivyo kifusi kilivyokuwa kingi na mteremko ulivyokuwa mzuri. Mjenzi alikuwa amemwekea adui ngazi tayari, ameisimamisha tu wima kwa miaka mia tatu akisubiri mtu wa kuilaza. Ndiyo maana nakataa kusema ukuta mrefu ulishindwa na mzinga. Kwa kweli mzinga ulifanya kazi ndogo, na urefu ukafanya kubwa.

Tena minara haikuweza kujibu. Ungedhani dawa ni kupandisha mizinga juu na kumpiga adui kabla hajajipanga. Lakini kilele cha mnara wa zama za kati ni chembamba, mzinga ukipiga unarudi nyuma kwa kishindo na hakuna nafasi, na mtikisiko wenyewe unalegeza mawe. Mnara uliojengwa kwa ajili ya wapiga mishale hauwezi kuwa jukwaa la mizinga.

Jibu lilipatikana, na kwa maoni yangu lilipatikana kwa dharura kuliko kwa vitabu. Mwaka 1500 jeshi la Wafaransa wakiwasaidia Wafirenze liliushambulia mji wa Pisa. Mizinga ikaangusha kipande kikubwa cha ukuta, kama ilivyotarajiwa. Askari wakakimbilia pengo, wakafika, wakakuta kitu ambacho hawakukitegemea. Wapisa, wanawake kwa wanaume, walikuwa wamechimba handaki jipya nyuma ya ukuta, na ule udongo uliotoka wakaurundika upande wa ndani kuwa boma. Kwa hiyo aliyepita kwenye pengo alijikuta anashuka shimoni huku anapigwa risasi kutoka boma lililo mbele yake, na kutoka pande pia. Shambulio likavunjika na jeshi likaondoka.

Angalia Wapisa walichofanya. Ukuta mrefu waliuacha uanguke mbele, ulinzi wakauhamishia kwenye shimo na udongo. Hapo kuna nusu ya ngome mpya nzima. Badala ya kwenda juu, unakwenda chini: ukuta unazamishwa ndani ya handaki pana ili kitako chake kisionekane kutoka mbali, nyuma yake unajazwa udongo mzito, na mbele ya handaki ardhi inainuliwa kidogo kwa mteremko mrefu wa polepole. Mpiga mizinga aliye mbali haoni kitako cha kukata, anaona kingo ya juu tu. Na akiipiga, tufe linazama udongoni. Udongo una kasoro zake, mvua inaumomonyoa na watu wanaweza kuupanda, ndiyo maana ulivishwa matofali au mawe kwa nje kama ganda. Ila kazi ya kumeza matufe ni ya udongo.

Nusu ya pili ni jiometri, na naomba uchukue kalamu. Chora ukuta ulionyooka, halafu chora minara miwili ya duara, mmoja kila mwisho. Weka mtetezi kwenye kila mnara na chora mistari ya risasi zake, akiutetea mnara wa mwenzake. Utagundua kwamba mbele kabisa ya kila mnara kuna kipande kidogo cha pembetatu ambacho hakuna risasi inayokifikia, si kutoka mnara wa jirani wala kutoka ukutani. Ni kivuli. Zamani kivuli hicho hakikuwa na shida, kwa sababu aliye juu ya mnara aliinama akadondosha jiwe. Sasa kuinama ni kufa, bunduki za adui zinasubiri. Adui akifika kwenye kivuli yuko salama, anaweza kuchimba taratibu na kutega baruti chini ya mnara.

Sasa kijaze kile kipande cha pembetatu kwa mawe na udongo. Umepata nini? Mnara wa duara umegeuka ncha ya mkuki. Hicho ndicho wasanifu wa Italia walichofanya, na umbo hilo nitaliita buruji. Pande zake mbili za mbele zimechorwa kufuata mistari ya risasi za buruji ya jirani, ili kusibaki hata unyayo mmoja usioonekana. Mizinga midogo imefichwa kwenye mabega ya buruji, mahali ambapo adui aliye mbali hawezi kuipiga lakini yenyewe inafagia ukuta mzima. Umbali kati ya buruji moja na nyingine hauchaguliwi kwa uzuri, unapimwa kwa masafa ya bunduki, kwa kawaida mita mia mbili au tatu. Ukiizungushia mji mzima unapata ile nyota tunayoiona kwenye ramani za miji ya zamani ya Ulaya. Wengi wanadhani nyota ni pambo. Hakuna mstari hata mmoja pale uliochorwa kwa ajili ya macho.

Basi, tatizo likaisha? Kiufundi, karibu. Kifedha ndipo balaa lilipoanza, na hapa ndipo nagombana na wenzangu wanaopenda kusema teknolojia ndiyo inayoamua historia. Ngome ya nyota ni milima ya udongo iliyosogezwa kwa koleo na vikapu, ni mamilioni ya matofali, ni nyumba na mashamba yaliyobomolewa kuzunguka mji ili risasi zipite. Ni askari wengi zaidi wa kuijaza pia. Papa alipanga kuizungushia Roma buruji kumi na nane, lakini gharama ya chache zilizojengwa ilitosha kumfanya auache mpango. Kama Papa alishindwa, je mji mdogo?

Siena ndiyo kisa kinachoniuma. Mwaka 1552 watu wa Siena waliwafukuza askari wa Kihispania wa Mfalme Karoli wa Tano na kuibomoa ngome iliyokuwa inajengwa kuwatawala. Ilikuwa furaha kubwa. Wakajua adui atarudi na mizinga, wakaanza kujenga ngome za mtindo mpya, si mjini tu bali katika miji yao ya pembeni pia. Uamuzi ulikuwa sahihi kila mahali isipokuwa kwenye hesabu. Fedha zikaisha kabla kuta hazijaisha. Walipozingirwa Januari 1554 walikuwa na maboma mengi yaliyofika nusu, askari wachache wa kuyalinda, na hazina tupu ya kuajiri wengine. Ni kama mwanafunzi aliyemaliza bumu lote kununua kitanda, halafu akabaki analala vizuri na njaa. Mji wenyewe haukuvunjwa ukuta. Ulikufa njaa, ukasalimu amri Aprili 1555, na jamhuri iliyodumu karne kadhaa ikaishia mikononi mwa mtawala wa Firenze.

Kuna watakaoniambia kwamba Siena ingeanguka tu hata bila ujenzi huo. Inawezekana. Lakini fedha iliyofukiwa kwenye maboma ya nusu ndiyo fedha iliyokosekana kuajiri jeshi la kuwatoa adui shambani, na mji uliozingirwa bila jeshi la kuuokoa ni suala la muda, uwe na buruji au usiwe nazo.

Sasa turudi nyumbani, maana mtindo huo ulipanda meli ukaja kwetu. Aliyeichora Ngome ya Yesu alikuwa Mtaliano wa Milano, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa msanifu mkuu wa Wareno katika himaya yao ya mashariki. Ukienda Mombasa utaambiwa kwamba ukiitazama kutoka juu ngome ile inafanana na mtu aliyelala. Sawa, na inapendeza. Lakini naona inasikitisha kwamba hadithi inaishia hapo, kwa sababu zile pembe za kichwa, mikono na miguu ni buruji nne, na kila moja inamlinda mwenzake kwa mistari ileile tuliyochora. Upande wa nchi kavu handaki limechongwa kwenye mwamba wa matumbawe. Kuta zinaonekana ndefu ukiwa umesimama handakini, maana sehemu kubwa ya urefu huo ni mwamba ulioachwa baada ya kuchimba. Simama mbali kidogo uone jinsi inavyojiinamisha.

Na ilifanya kazi yake, kiasi kwamba kila aliyeichukua alipita mlango mwingine. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan aliiteka kutoka ndani, kwa kuingia na watu wake na kumuua kapteni. Mwaka uliofuata Wareno walirudi na meli na mizinga wakaishambulia, wakashindwa. Yusuf aliondoka kwa hiari yake baadaye. Kisha wakaja Waomani. Waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi thelathini na tatu, na waliokuwamo ndani, Wareno pamoja na watu wa pwani waliokuwa upande wao, waliangamizwa na tauni na njaa. Waomani walipopanda ukuta mwishoni, waliokuwa hai ndani walihesabika kwa vidole. Ni kisa cha Siena kilekile: kuta nzima, matumbo matupu. Siku chache baadaye meli za msaada kutoka Goa zikafika, zikaona bendera nyekundu, zikageuza.

Lakini kuna jambo moja linalopaswa kuwasumbua wanaoamini kwamba umbo jipya lilifuta la zamani kila mahali. Nenda Unguja ukaitazame Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani haohao baada ya kuwaondoa Wareno. Kuta zake ni ndefu, na pembeni zina minara ya duara, ileile yenye kivuli mbele yake. Ngome ya Lamu, ya mwanzoni mwa karne ya 19, nayo ina minara ya duara. Waliojenga hawakuwa wajinga, na wale wa Unguja walikuwa wametoka kuizingira Ngome ya Yesu karibu miaka mitatu na kuiangalia kila pembe. Ila kuitengeneza nyota kuna gharama yake, na kule Unguja na Lamu hawakutarajia adui wa kushusha mizinga mizito pwani, kuipanga shambani na kukaa kukata ukuta kwa siku kadhaa. Adui waliyemtarajia alikuwa na bunduki na ngazi. Dhidi ya huyo, mita kadhaa za ukuta wima zilikuwa bado zinatosha, na zilitosha kwa muda mrefu.